Mkono wa kushoto usiachie bunduki: kulenga kwa mikono miwili na IK ndani ya Unreal Engine 5

Kama unatengeneza gemu ya kufyatua risasi kwenye Unreal lazima umeshakutana na hii: karakta kasimama na raifo, mkono wa kulia uko sawa kabisa kwa sababu bunduki imefungwa huko huko, lakini mkono wa kushoto unaelea pembeni ya kishikio cha mbele, au umezama ndani ya chuma, na ukiangalia juu au chini ndo unaharibika zaidi. Sio kwamba animesheni ni mbovu. Ile animesheni ilitengenezwa kwa bunduki moja yenye urefu wake, wewe umeweka nyingine, halafu juu yake umepaka Aim Offset inayokunja uti wa mgongo na mabega, kwa hiyo mikono miwili inafika kila mmoja kivyake na hakuna kitu kinachoiambia ishikane.

Hapa tutafanya njia moja tu, ile ambayo mkono wa kushoto unafuata mkono wa kulia na sio dunia. Nachukulia una mifupa ya Mannequin, yaani `hand_r`, `hand_l`, `lowerarm_l`, `upperarm_l`, una Aim Offset inayofanya kazi, na bunduki ni Skeletal Mesh iliyofungwa kwenye soketi iliyo chini ya `hand_r`. Kama mifupa yako ina majina mengine badilisha tu, mantiki ni ile ile.

Kwanza elewa kwa nini wengi mkono wao unatetemeka

Njia ambayo karibu kila mtu anaanza nayo ni kuchukua mahali pa soketi ya kishikio kwenye World Space na kuirusha moja kwa moja kwenye nodi ya IK, ile inayokunja bega na kiwiko ili kiganja kifike unapotaka. Ukisimama inakaa vizuri, unafurahi, halafu unakimbia na mkono unabaki nyuma. Sababu ni mpangilio wa kazi ndani ya fremu. Animation Blueprint inakusanya namba zake kabla pozi la fremu hii halijapigwa hesabu, kwa hiyo pozi la soketi uliyoisoma ni la fremu iliyopita, na ukiisoma kabla karakta hajasogezwa, mahali pake duniani pia ni pa fremu iliyopita. Karakta wa kawaida ana Max Walk Speed ya 600, yaani sentimita 600 kwa sekunde, na kwa fremu 60 kwa sekunde hiyo ni sentimita 10 kila fremu. Kwenye mashine inayosukuma fremu 30 inakuwa sentimita 20. Sasa hapo mkono utakosaje kubaki nyuma?

Wengine wanahamia Component Space na hali inapungua kwa sababu mwili mzima unasogea pamoja na komponenti, ila ukizungusha mausi haraka mtutu unaenda na mkono unachelewa, kwa sababu kilichobadilika ni pozi lenyewe.

Dawa ni kuuliza swali lingine. Usiulize kishikio kiko wapi duniani, uliza kishikio kiko wapi ukikipima kutoka `hand_r`. Bunduki imefungwa kwenye mkono wa kulia kwa nguvu, haichezi, kwa hiyo jibu la hilo swali halibadiliki hata ukikimbia, ukiruka, ukianguka kwenye ngazi. Ukisoma namba ya fremu iliyopita ni sawa na ya fremu hii. Lagi inakufa hapo hapo.

Hatua ya 1: soketi ya kishikio

Fungua mesh ya bunduki, chagua mfupa wake mkuu, ongeza soketi uipe jina `LeftHandGrip`. Hapa kuna mtego ambao unawala watu muda: mfupa wa `hand_l` uko kwenye kifundo cha mkono, sio katikati ya kiganja. Ukiweka soketi juu ya kishikio chenyewe, kifundo ndicho kitakachokaa pale na kiganja chote kitapitiliza mbele. Kwa hiyo rudisha soketi nyuma na chini kidogo, kwa mkono wa ukubwa wa Mannequin ni kama sentimita 8 hivi, halafu utarekebisha kwa macho.

Mzunguko wa soketi nao usikisie. Mifupa ya mkono wa kulia na kushoto mihimili yake imegeuzwa kama kwenye kioo, na ukianza kujaribu digrii 90 huku na 180 kule utakesha. Rahisi zaidi ni kutafuta animesheni moja ya kusimama na raifo ambayo mkono wa kushoto umekaa vizuri au karibu na vizuri, ukaprinti mzunguko wa `hand_l` ukilinganishwa na mfupa uliobeba soketi, ukaziandika hizo namba kwenye soketi. Kuanzia hapo ni kusogeza digrii chache tu.

Hatua ya 2: mfupa wa bandia

Fungua Skeleton, bonyeza kulia kwenye `hand_r`, chagua Add Virtual Bone, kisha `hand_l`. Unreal itakupa mfupa unaoitwa `VB hand_r_hand_l`. Huu ni mtoto wa `hand_r`, na hiyo ndo sababu ya kuutaka: chochote kitakachoupata mkono wa kulia ndani ya AnimGraph, iwe Aim Offset, teke la bunduki, au marekebisho tutakayofanya chini, mfupa huu unaburuzwa nao. Mkono wa kushoto tutaufunga kwenye huu.

Kuna watu wanatumia `ik_hand_gun` na `ik_hand_l` ambazo Mannequin anazo tayari. Zinafaa, ila hazipo chini ya `hand_r`, ziko kwenye tawi lake la pembeni, kwa hiyo ukigusa mkono wa kulia katikati ya grafu inabidi ukumbuke kuzikopi upya. Mi naona mfupa wa bandia una kazi ndogo na unafanya kazi hata kwa mifupa ya kununua ambayo haina hizo za ziada.

Hatua ya 3: kupima kishikio kutoka mkono wa kulia

Ndani ya `NativeUpdateAnimation` ya AnimInstance yako:

```cpp
const FTransform HandR = BodyMesh->GetSocketTransform(TEXT("hand_r"), RTS_World);
const FTransform Grip  = GunMesh->GetSocketTransform(TEXT("LeftHandGrip"), RTS_World);
const FTransform Rel   = Grip.GetRelativeTransform(HandR);

GripLocation = Rel.GetLocation();
GripRotation = Rel.Rotator();
```

Ona kwamba zote mbili zimesomwa kwenye World Space na zote ni za fremu iliyopita, haina shida, kwa sababu zimechelewa pamoja na tunachukua tofauti yao tu. Wanaotumia Blueprint nodi inaitwa Make Relative Transform, kishikio kinaingia juu, `hand_r` inaingia kwenye Relative To. Ukigeuza hizo mbili mkono utaenda nyuma ya mgongo, kwa hiyo ukiona hivyo usianze kubomoa grafu, rudi hapa kwanza.

Skeli usiichukue. Bunduki nyingi za kununua zina skeli ya ajabu ajabu na ukiipitisha utapata kiganja cha jitu.

Kingine, hesabu hii ifanyike baada ya bunduki kufungwa mkononi. Ukiipima kabla, bunduki bado iko chini sakafuni au kwenye asili ya ramani na mkono utanyooka kuelekea huko. Kama hakuna bunduki mkononi, Alpha ya IK, yaani nguvu yake, iwe 0, usiache namba za zamani zikining'inia.

Hatua ya 4: mtutu uelekee panapolengwa

Aim Offset peke yake inakupa mwelekeo wa jumla tu. Mtutu utakuwa umekosa ile alama ya katikati ya skrini kwa digrii kadhaa, hasa kwa kamera ya nyuma ya bega ambayo haiko kwenye mstari wa bunduki. Tutamalizia kwa nodi ya Look At kwenye `hand_r`, tukiipa sehemu ya dunia ambayo mstari kutoka kamera umegonga. Hiyo sehemu inasomwa kwenye World Space ukiacha Look At Target wazi.

Look At inataka kujua mhimili upi wa mfupa ndio unaoelekea mbele, na kwa mkono sio X safi wala Y safi kwa sababu bunduki imekaa kiupande kwenye kiganja. Upime mara moja, ukichukulia soketi ya mdomo wa mtutu X yake inatazama mbele:

```cpp
const FVector Fwd  = GunMesh->GetSocketTransform(TEXT("Muzzle")).GetUnitAxis(EAxis::X);
const FVector Axis = HandR.InverseTransformVectorNoScale(Fwd);
UE_LOG(LogTemp, Log, TEXT("%s"), *Axis.ToString());
```

Namba tatu utakazopata ziandike kwenye Look At Axis, hakikisha imewekwa kuwa ya ndani ya mfupa. Halafu Look At Clamp weka kama 20. Kifundo cha mkono kikizidi hapo kinaonekana kimevunjika, na kama unahitaji zaidi ya 20 basi Aim Offset yako ndo ina tatizo, isukumie kazi hiyo.

Kosa dogo linabaki. Look At inalenga kutoka kifundo cha mkono na mtutu uko juu yake, tuseme sentimita 10. Kwa shabaha iliyo mita 10 hiyo ni kama nusu digrii, jicho halioni. Kwa shabaha iliyo mita moja ni zaidi ya digrii 5 na inaonekana, kwa hiyo ukuta ukiwa puani nashauri upunguze Alpha ya Look At taratibu mpaka 0, risasi yenyewe bado unaihesabu kutoka kamera kwa hiyo mchezaji hapotezi kitu.

Kuna watu wanapima kosa la mtutu kila fremu na kuliongeza juu ya mkono wa kulia. Hiyo inayumba, kwa sababu fremu inayofuata unapima mtutu ambao umeshausahihisha, unakuta kosa ni sifuri, unaondoa sahihisho, kosa linarudi, na bunduki inapiga kengele kushoto kulia.

Hatua ya 5: kupanga AnimGraph

Mpangilio ndio kila kitu hapa. Kwanza pozi la kawaida la kutembea, kisha pozi la juu la raifo kwa Layered blend per bone, kisha Aim Offset, kisha Slot ya montage za kufyatua na kubadilisha magazini. Baada ya hapo ndo unaingia Local To Component na nodi tatu kwa mfuatano huu:

Ya kwanza ni Look At kwenye `hand_r`. Ya pili ni Transform (Modify) Bone kwenye `VB hand_r_hand_l`, Translation Mode na Rotation Mode zote Replace Existing, nafasi zote Parent Bone Space, Scale Mode Ignore, unaingiza `GripLocation` na `GripRotation`. Ya tatu ni Two Bone IK: IKBone ni `hand_l`, Effector Location Space ni Bone Space, Effector Target ni `VB hand_r_hand_l`, Effector Location sifuri zote, na Take Rotation from Effector Space tiki. Kisha Component To Local na Output.

Kwa kiwiko, Joint Target Location Space weka Bone Space, Joint Target weka `lowerarm_l`, sifuri zote. Maana yake kiwiko kinabaki upande ule ule ambao animesheni ilikiweka, na kwa raifo ndicho unachotaka, kiwiko chini. Ukikuta animesheni yako imenyoosha mkono mpaka bega, kiwiko na kifundo viko mstari mmoja, hapo kiwiko hakijui kikunjike wapi na kitarukaruka, basi sogeza ile Joint Target Location sentimita 20 au 30 kuelekea chini kiwe na la kushika.

Mtu atauliza kwa nini sio FABRIK. Inafika, ila kwa mkono wenye mifupa miwili haikupi pa kukitawala kiwiko, na kwa bunduki kiwiko kikienda juu kama bawa la kuku gemu nzima inaonekana ya kitoto.

Ukiiweka IK kabla ya Aim Offset utaona dalili yake wazi: ukiangalia mbele mkono uko sawa, ukiangalia juu unaachia. Ukiiweka kabla ya Slot, mkono utaachia kila unapofyatua.

Hatua ya 6: mkono mfupi

Hili halizungumzwi sana na ndilo linalofanya IK nzuri ionekane mbaya. Mannequin ana kama sentimita 30 kutoka bega mpaka kiwiko na 27 kutoka kiwiko mpaka kifundo, jumla 57. Kishikio kikiwa mbali kuliko 57 kutoka bega, mkono unanyooka kama fimbo na haufiki, hakuna setingi itakayouokoa. Hilo watu wanaliona. Wasichokiona ni kinachotokea karibu na 57.

Chukua raifo ambayo kishikio chake kiko sentimita 50 kutoka bega la kushoto ukitazama mbele. Kwa kanuni ya kosaini kiwiko kimefunguka digrii 122 hivi, pozi zuri. Sasa mchezaji anaangalia chini, bega linarudi nyuma na umbali unakuwa 54, kiwiko kinafika 143. Sentimita nne zimekula digrii 20, sawa. Anaendelea mpaka 56, kiwiko 158. Sasa angalia sentimita moja ya mwisho, kutoka 56 mpaka 57: kiwiko kinatoka 158 mpaka 180, digrii zaidi ya 20 ndani ya sentimita moja. Kwa hiyo pumzi tu ya animesheni ya kusimama, ambayo inasogeza bega milimita chache, inafanya kiwiko kiruke kama kina kwikwi. Ukiona kiwiko kinadunda ilhali kiganja kimetulia pale pale, usihangaike na lagi, mkono wako umefika mwisho.

Hapo unarudisha soketi nyuma. Kwa raifo hii ukirudisha sentimita 3, kule chini kabisa umbali unakuwa kama 53 badala ya 56 na kiwiko kinakaa kwenye 137, ambako hakuna kuruka. Kama kishikio cha kimodeli hakiruhusu kurudi nyuma basi vuta bunduki nzima karibu na kifua kupitia soketi ya mkono wa kulia. Two Bone IK ina Allow Stretching pia, inarefusha mifupa, lakini mi naiacha kwa katuni, kwenye karakta mwenye nguo za kweli mkono wa shati unavutika na inaonekana.

Hatua ya 7: kuachia kwa hiari

Wakati wa kubadilisha magazini mkono wa kushoto una kazi nyingine na IK ikiendelea kuuvuta utaona mtu anachomoa magazini ya hewa. Kwenye montage ya kubadilisha magazini ongeza kavu, yaani Curve, iitwe `LHandIKOff`, ianze 0, ipande mpaka 1 ndani ya sekunde 0.15, ikae hapo, ishuke tena mkono unaporudi kwenye kishikio. Kisha:

```cpp
const float Off = FMath::Clamp(GetCurveValue(TEXT("LHandIKOff")), 0.f, 1.f);
LHandAlpha = bHasTwoHandedGun ? 1.f - Off : 0.f;
```

`LHandAlpha` inaingia kwenye Alpha ya Two Bone IK. Napenda kavu kuliko buliani, ile ya kweli au si kweli, inayowashwa na notify kwa sababu moja: mchezaji akikatiza, labda amebadilisha silaha katikati, montage inafifia na kavu inafifia nayo. Buliani itabaki imekwama kwenye kweli kwa sababu notify ya kuizima haikufika, na utapata ripoti za mkono kuning'inia ambazo huwezi kuzirudia kwenye mashine yako.

Jinsi ya kujua imekaa

Chora duara dogo kwenye `LeftHandGrip` na lingine kwenye `hand_l`, na uprinti umbali kati yao. Umbali huo unatakiwa kuwa chini ya nusu sentimita muda wote, umesimama, unakimbia, unazungusha mausi kwa fujo. Punguza fremu kwa `t.MaxFPS 20` kwenye konsoli halafu kimbia. Umbali ukikua na kasi, mahali fulani bado unatumia World Space. Ukikua ukiangalia juu na chini tu, ama nodi ziko nje ya mpangilio ama mkono haufiki, na kiwiko kitakuambia ni lipi: kikiwa kimenyooka ni urefu, kikiwa kimekunjika ni mpangilio. Umbali ukiwa sifuri lakini kiganja kimegeuka, ni mzunguko wa soketi, na hapo wacha gemu ikimbie huku mesh ya bunduki iko wazi pembeni, zungusha soketi utaona mkono unageuka papo hapo.

Shotgani ya kuvuta kishikio ndo pekee inayovunja ile kanuni ya namba isiyobadilika, maana kishikio chenyewe kinatembea. Soketi iweke kwenye mfupa wa kile kipande kinachotembea na sio kwenye mfupa mkuu, na hesabu ya hatua ya 3 iache ikifanyika kila fremu. Hapo lagi ya fremu moja inarudi, ila ni ya mwendo wa kishikio tu: kikitembea sentimita 8 ndani ya sekunde 0.15, kwa fremu 60 mkono utachelewa chini ya sentimita moja, na vidole vinaificha.